Karatasi ya mwalimu mlezi: wahesabu watoto kwanza, alama baadaye

*Assalaam alaykum mwalimu. Nasomesha michezo skuli ya msingi hapa Wete, na mara hii nimepewa kijana wa mazoezi ya kufundisha nimsimamie. Chuo kimetuletea fomu ya kutoa alama moja mpaka tano, na pale penye "maoni" najikuta naandika "vizuri, ajitahidi" kila wiki. Tukimaliza kipindi namwambia makosa yake, anaitikia "ndiyo mwalimu", na kipindi kinachofuata mambo ni yale yale. Niandike nini hasa, na nizungumze naye vipi?*

Waalaykum salaam, mwalimu. Fomu ya chuo ijaze, maana chuo kinaihitaji, lakini usiende nayo uwanjani. Vipengele vyake vinamhusu mwalimu peke yake: mavazi, sauti, andalio la somo, zana, udhibiti wa darasa. Ukiishika mkononi, macho yako yatamfuata kijana kipindi kizima, na somo la michezo ukimtazama mwalimu hulioni. Liko kwa watoto: nani ameshika mpira, nani amesimama, amesimama tangu lini. Mtu aliyetazama mwalimu dakika arubaini hana cha kuandika zaidi ya "ajitahidi", kwa sababu hakuna mtoto hata mmoja anayeweza kumtolea ushahidi.

Chukua karatasi moja tupu ya daftari kubwa, uigawe mwenyewe mafungu matatu. Fungu la juu ni dogo, linajazwa siku moja kabla ya kipindi. La kati ni kubwa, linajazwa uwanjani. La chini liache wazi mpaka mzungumze, na sehemu yake kubwa ataiandika kijana kwa mkono wake. Nitaanza na la juu, kwa kuwa hapo ndipo mazungumzo yanapoanzia, hata kama hamjaonana na mtoto yeyote.

Siku ya kabla, kaa naye dakika kumi juu ya andalio lake. Usilisahihishe lote. Mwulize kitu kimoja: katika kipindi hiki, mtoto atoke na nini mkononi ambacho hakuwa nacho? Akikujibu "wajue pasi ya kifua", basi mnakubaliana kuwa kesho utaangalia nafasi ya watoto kurusha pasi hiyo, na hilo tu. Liandike juu ya karatasi kwa maneno yake. Faida yake utaiona baada ya kipindi: utakapomwonyesha hesabu, atakuwa anajibu swali lililotoka kwake, hajitetei mbele ya hukumu asiyoijua imetoka wapi.

Sasa uwanjani. Simama pembeni, upande ambao jua liko nyuma yako na mstari wote wa watoto unauona. Andika saa ya kila badiliko: saa waliyotoka darasani, saa waliyoanza kupasha mwili moto, saa alipoanza kueleza, saa mpira wa kwanza uliporushwa. Kisha kila baada ya dakika nne acha kila kitu, anza kushoto kwako, pepesa macho mpaka kulia kwa sekunde kama kumi, na uhesabu watoto walio ndani ya kazi ya somo wakati huo huo. Anayerusha, anayedaka, anayekimbia kuziba nafasi, huyo mhesabu. Aliyesimama mstarini, anayefunga kamba ya kiatu, anayemsikiliza mwalimu, huyo usimhesabu. Usirudi nyuma kurekebisha kwa sababu mtoto ameanza kukimbia baada ya jicho lako kupita. Njia hii walitumia na kuieneza watafiti wa ufundishaji wa michezo kama Daryl Siedentop wa Chuo Kikuu cha Ohio State, Marekani, tangu miaka ya 1970. Walitaka kujua mtoto mmoja anatumia dakika ngapi za kipindi katika kazi yenyewe, na wakaona muda mwingi unaishia kwenye kusubiri, kupangwa na kusikiliza.

Kitu cha pili ni watoto watatu. Wachague kabla kipindi hakijaanza, wakiwa bado wanatoka darasani: mmoja unayemjua ni hodari, mmoja wa kati, na mmoja anayejificha nyuma ya wenzake. Waandike A, B na C, usiandike majina yao, maana karatasi itatembea. Kila mtoto wako akipata nafasi ya kurusha, mtie kijiti kimoja. Ukiwachagua katikati ya kipindi utamchagua aliyekuvutia macho, naye siku zote ni hodari au mtukutu, na yule wa nyuma hutamwona kamwe.

Kuhusu maneno unayoandika, shika kanuni moja: andika kile ambacho watu wawili waliosimama pale wasingebishana. "Darasa halina nidhamu" watabishana. "Dakika ya 24, wavulana wanne wa mwisho mstari wa tatu wanavutana mashati, zamu yao ya mwisho ilikuwa dakika ya 22" hawabishani. Na tazama jinsi maandishi haya ya pili yalivyobeba sababu ndani yake. Kijana akisoma kuwa hana udhibiti, atakwenda kununua filimbi kubwa zaidi. Akisoma kuwa watoto wale walisubiri dakika mbili nzima mikono mitupu, atafikiria mstari.

Usimwingilie katikati ya kipindi, isipokuwa pana hatari. Goli la chuma ambalo halikufungwa chini, chupa iliyovunjika kwenye majani, radi, mtoto anayepumua kwa shida: hapo ingia mara moja, sema sentensi moja, ondoa hatari, kisha mrudishie darasa lake mbele ya watoto. Mengine yote yaache yatokee. Ukisogea kumnong'oneza kila dakika tano, watoto wataanza kukutazama wewe, na ulichokihesabu hakitakuwa kipindi chake tena.

Nikupe kipindi kimoja nilichokiangalia upande wa Chake Chake, darasa la tano, watoto 48, kipindi cha pili asubuhi, dakika arubaini. Somo lilikuwa pasi ya kifua ya netiboli. Kijana alikuwa na mipira minne, filimbi, na andalio safi kabisa. Sauti yake inafika, watoto wanampenda. Kwa fomu ya chuo, angepata nne nne mpaka chini.

Kutoka darasani, kuvua viatu, kupanga foleni na kuita majina kulichukua mpaka dakika ya 9. Akawakimbiza kuzunguka uwanja mpaka dakika ya 13. Akaeleza na kuonyesha pasi mpaka ya 18. Kisha akapanga mistari minne ya watoto kumi na mbili. Katika kila mstari mtoto mmoja alisimama mbele, hatua tano, akiwatazama wenzake. Wa kwanza mstarini anampasia, anarudishiwa, anampa mpira aliye nyuma yake, anakimbia kwenda mwisho. Hivyo mpaka dakika ya 30. Dakika mbili zikaenda katika kuchagua timu, kisha kumi na wanne wakacheza na thelathini na wanne wakakaa chini ya mkungu wakishangilia. Dakika ya 38 akawakusanya, wakarudi darasani.

Hesabu zangu za kila dakika nne zilikuwa hivi: dakika ya 4, sifuri, ya 8, sifuri, ya 12, arubaini na watano, ya 16, sifuri, ya 20, wanane, ya 24, wanane, ya 28, wanane, ya 32, sifuri, ya 36, kumi na wanne. Ukizijumlisha ni 83. Kama watoto wote wangekuwa kazini kila nilipopepesa macho ingekuwa 432. Kwa hiyo hata sehemu moja ya tano haikufika, na zaidi ya nusu ya hiyo yenyewe ni kule kuzunguka uwanja.

Lakini hesabu hiyo siyo iliyombadilisha. Kilichombadilisha ni vijiti vya wale watatu. Katika dakika kumi na mbili za mazoezi ya pasi, mtoto B, wa kati, alirusha mara 8. Mtoto C, msichana mdogo aliyekuwa akiwaachia wenzake wampite, mara 5. Mtoto A, hodari, kijana alimchagua asimame mbele ya mstari kwa sababu hadondoshi mpira. Huyo alirusha mara 84.

Hapo nilimaliza kazi ya uwanjani. Yanayofuata ni mazungumzo, na wengi wetu hapa ndipo tunapoharibu, kwa namna mbili. Ama tunaanza kusema tukiwa bado tumesimama uwanjani, watoto wanasikia. Ama tunangoja siku tatu mpaka kijana mwenyewe kasahau alisimama wapi. Yafanye siku ile ile, baada ya yeye kunawa uso na kunywa maji, katika baraza au darasa tupu lenye mlango wazi. Ofisi ya walimu si mahali pake; mtu hawezi kufikiri makosa yake huku wakubwa wanasahihisha madaftari pembeni na masikio yamesimama. Kama wewe ni mwanamme na aliye chini yako ni binti, au kinyume chake, baraza ya wazi inawaondolea nyote wawili maneno ya watu. Dakika ishirini zinatosha. Kaeni upande mmoja wa meza, karatasi katikati, ili mtazame pamoja kitu kimoja.

Usimwulize "umejionaje?". Kijana wa kwetu, mbele ya mtu mzima aliyemwamkia asubuhi kwa heshima zote, ana majibu mawili tu ya swali hilo: "nimejitahidi mwalimu", au kuomba radhi. Yote mawili yanafunga mlango. Hiyo "ndiyo mwalimu" unayoisikia usiichukue kuwa ni ukaidi wala uvivu. Ni adabu aliyolelewa nayo, kwamba mkubwa akisema hapingwi. Sasa ukiwa unatoa maelezo, yeye afanye nini zaidi ya kuitikia? Mpe swali ambalo adabu hailijibu, ambalo lazima atafute jibu kichwani mwake. Swali bora nililowahi kulipata ni kumtaka akisie hesabu ya mtoto kabla hajaiona.

Yalikwenda hivi. Nilimwambia, "Nimehesabu watoto watatu, kama tulivyopatana jana. Huyu B alikuwa katikati ya mstari wa pili. Unakisia alirusha mara ngapi zile dakika kumi na mbili?"

"Ishirini, mwalimu. Au ishirini na tano."

"Nane."

Akanyamaza. Nami nikanyamaza. Hapa panataka subira, maana ulimi unawasha kutaka kueleza. "Nane tu?" akauliza.

"Vijiti vyake hivi hapa. Na huyu wa nyuma, C?"

"Huyu mwenye ushungi uliokuwa ukimvuka? Atakuwa... sita?"

"Tano. Sasa niambie A, uliyemsimamisha mbele."

"Huyo nyingi. Arubaini."

"Themanini na nne."

Akaivuta karatasi kwake akawa anahesabu vijiti mwenyewe. Kisha akasema maneno ambayo nisingeweza kuyasema mimi yakamwingia: "Kwa hiyo anayejua ndiye aliyefanya mazoezi."

Mwalimu, ukifika hapo usikimbilie kumpa dawa. Mwulize nini kilimfanya B asubiri. Wangu alijibu, "Mipira, skuli ina mipira minne tu." Jibu la kweli, na ni jibu ambalo utalisikia Unguja na Pemba nzima. Usilipinge, lakini usiishie hapo: "Tuseme mipira ni minne hiyo hiyo. Kuna kingine?" Akafikiri, akasema mstari wa watu kumi na mbili ni mrefu. "Na kama kitu cha kurusha si lazima kiwe mpira wa duka?" Hapo akacheka, kwa sababu nyumbani kwao wamecheza nage miaka yote kwa mpira wa matambara. Pasi ya kifua haitaki mpira unaodunda. Inataka kitu cha mviringo kinachojaza mikono miwili na kisichoumiza kidole. Matambara yaliyokazwa kwa kamba yanatosha kabisa, na watoto wa darasa la tano wanaweza kuyafunga wenyewe siku moja kabla.

Kisha nikamtaka anionyeshe. Hii ndiyo tiba ya "ndiyo mwalimu" ninayoiamini kuliko zote: usikubali neno, taka mpango. Tukachukua kete za bao, akazipanga juu ya meza, nne nne, vikundi kumi na viwili, kila kikundi na mpira wake, minne ya skuli na minane ya matambara. Nikamwuliza vikundi vitasimamaje ili pasi ya kikundi kimoja isimpige mtoto wa kikundi cha pili. Akavitenganisha, akaacha njia ya yeye kupita katikati. Tukapiga hesabu pamoja: watoto wanne katika mraba, pasi moja sekunde tatu hivi, kila mtoto anarusha baada ya sekunde kumi na mbili, dakika kumi na mbili zinampa mara sitini. Kata nusu kwa mipira iliyoanguka na kwa kusimamishwa kusikiliza, bado ni thelathini. Kutoka tano.

Ndipo nikamsogezea kalamu, akaandika fungu la chini mwenyewe: "Jumatano, vikundi 12 vya watoto 4, mipira 12. Kila mmoja wa watoto watatu wanaohesabiwa arushe si chini ya mara 25 katika dakika 12." Chini yake nikaandika la kwangu: nitakuja mapema, nitasaidia kukusanya matambara, na nitahesabu watoto wale wale A, B na C. Lengo moja, lenye siku, lenye idadi, na ahadi ya mlezi. Likiwa halina idadi, wiki ijayo mtabishana kama limetimia.

Sasa, mwalimu, utakuwa umeona mambo mengine mengi. Mimi pia niliona. Majina aliyoyaita yalikuwa ya wavulana karibu yote. Neno lake la kurekebisha lilikuwa "vizuri" au "haraka", hakumwambia mtoto asogeze mguu mbele wala anyooshe mikono mpaka mwisho. Watoto 34 walikaa chini wakati wa mchezo. Yote hayo niliyaandika nyuma ya karatasi yangu, na siku ile sikuyataja. Mtu anayeanza kazi anaweza kubadilisha jambo moja kwa wiki. Ukimpa saba atachagua lililo rahisi, nalo mara nyingi ni lile la mavazi au ubao. Hata sifa nilimpa moja tu, lakini niliipa ushahidi: maelezo yake ya pasi yalikuwa na maonyesho mawili, mbele na ubavuni, na watoto wa nyuma waliweza kuona. "Umefanya vizuri" peke yake haimwambii arudie nini.

Jumatano hesabu ilikuwa A 34, B 31, C 22. C hakufikia lengo, na kijana ndiye aliyenieleza sababu kabla sijauliza: msichana yule aliwekwa na wavulana watatu, wakawa wanarushiana wao kwa wao. Mlango wa suala la wasichana ulifunguka wenyewe, kwa ushahidi, bila mimi kumtuhumu kuwa anapendelea. Pia lilizuka tatizo jipya: kugawa mipira kumi na miwili kulikula dakika tano na kelele nyingi. Hilo likawa lengo la wiki iliyofuata, wasaidizi wanne kuweka mipira katika vituo kabla darasa halijatoka.

Hesabu hizi zina mipaka yake, na uijue ili usimpotoshe. Vijiti vinakwambia nafasi, havikwambii ubora. Mtoto anaweza kurusha mara thelathini na zote akazirusha kwa mkono mmoja kutoka begani. Kwa hiyo nafasi zikishaongezeka, badilisha unachohesabu. Chagua alama moja ya ufundi, kwa mfano mguu kwenda mbele wakati wa kuachia mpira, na kila mtoto wako anaporusha andika kijiti mguu ukienda mbele, au sifuri usipokwenda. Usianze na hilo wiki ya kwanza, maana mtoto aliyerusha mara tano hana cha kurekebishwa.

Utasikia pia wataalamu wakitaka watoto wawe katika mwendo angalau nusu ya kipindi. Ni kipimo kizuri, lakini kwa kipindi cha dakika arubaini ambacho kutembea mpaka uwanjani kumo ndani yake, usimpige nacho kijana wa wiki ya kwanza. Mlinganishe na karatasi yake iliyopita. Kipindi cha saa sita mchana juani usikipime kama cha asubuhi. Na Ramadhani weka kando hesabu ya mwendo kabisa: watoto wamefunga, mwalimu kafunga, somo lihamie kivulini kwenye kanuni za mchezo, uamuzi na kupanga mbinu kwa kete, na wewe uhesabu kitu kingine, kama ni watoto wangapi waliopewa nafasi ya kuamua tukio.

Kuna siku ambapo njia hii ya maswali haifai. Kijana akimpiga mtoto, akimwacha mtoto mwenye pumu aendelee kukimbia, au akija bila andalio kwa mara ya pili, usimwulize akisie lolote. Mwambie wazi, kwa upole na bila kuzungusha, kwamba jambo hili halikubaliki, kwa nini, na nini kitafuata. Kumzunguka kwa maswali mtu ambaye jibu unalo tayari mkononi ni kumdhalilisha, na atajua.

Nirudi kwenye fomu ya chuo. Ijaze baada ya mazungumzo, ukiwa na karatasi yako pembeni, na usitaje alama wakati mnazungumza, maana akishaisikia namba hatasikia kingine. Pale penye "maoni" chukua sentensi tatu kutoka karatasi: mbili za ulichokiona, moja ya mlichokubaliana. Kwa kipindi kile niliandika: "Maelezo ya pasi ya kifua yalionyeshwa pande mbili na watoto wote waliona. Mistari minne ya watoto 12 ilimpa mtoto wa kati nafasi 8 katika dakika 12. Tumekubaliana vikundi vya wanne na mipira 12 kipindi kijacho." Mkaguzi wa chuo akija ataelewa alipo kijana bila kukuuliza, na alama 3 katika "mpangilio wa shughuli" itakuwa na sababu chini yake.

Karatasi yenyewe mpige picha kwa simu kila mmoja abaki nayo, na ya asili kaa nayo wewe. Kipindi kinachofuata, kabla hajatoa andalio jipya, mwambie asome kwa sauti fungu la chini la karatasi iliyopita. Ukiona ameanza kuja na makisio yake mwenyewe, au anakuuliza "leo utamhesabu nani?", mpunguzie mkono: mpe yeye karatasi awahesabu watoto wako wewe unaposomesha, kisha akuulize maswali yale yale uliyomwuliza yeye.